Jinsi ya kumwandikia bibi meseji fupi ukiwa masomoni nje, meseji ambayo mtu mwingine ndo atamsomea

Kabla hujaandika neno lolote jiulize kwanza, hii meseji nani ataisoma? Maana bibi wengi hawasomi wenyewe, macho yamechoka, au simu yenyewe sio yake ni ya shangazi, au anayo ila anaijua kwa kupokea na kukata tu basi. Kwa hiyo maneno yako yatapita kwenye mdomo wa mtu mwingine, shangazi au binamu yako wa miaka kumi na mbili, bibi amekaa pembeni anasikiliza. Hapo ndo penye siri yote ya kuandika meseji ya namna hii, unaandika kwa ajili ya sikio, sio kwa ajili ya jicho, na ukishalishika hilo mambo mengi yanajipanga yenyewe.

Tuchukue mfano mmoja tuufanyie kazi mpaka mwisho. Hii ni meseji ya kawaida kabisa ambayo mwanafunzi aliye mbali anaweza kuiandika usiku akiwa amechoka:

"Hai bibi mambo, natumaini uko poa. Huku baridi inaniua aisee na asaimenti zimenizidi cjalala siku 3. Nmekumic xana. Nikimaliza semista nakuja na ntakununulia kila kitu unachotaka. Lavyu 😘❤️🔥"

Mapenzi yapo humo ndani, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba ukimpa binamu asome kwa sauti, atakwama kwenye "cjalala", atakwama kwenye "nmekumic", zile emoji hatazisoma kabisa, na bibi atakachokibeba mwisho wa siku ni kwamba mjukuu anauawa na baridi na halali. Usiku huo na yeye halali. Sasa twende hatua kwa hatua tuitengeneze.

Hatua ya 1: Jua simu ni ya aina gani na msomaji ni nani

Kama nyumbani kuna simu janja na WhatsApp basi uko huru kidogo, unaweza kuandika mistari kumi na hakuna kitakachoharibika. Ila kama ni simu ya batani ile ya meseji za kawaida, kuna kitu inabidi ukijue. Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160, ukihesabu na nafasi na nukta. Kiswahili kinaenea vizuri hapo kwa sababu hatuna herufi za vidoti wala vikofia juu. Lakini ukitia emoji hata moja tu, nafasi inashuka mpaka herufi 70 kwa meseji, yani ule moyo mmoja mwekundu umekula zaidi ya nusu ya maneno yako, meseji inakatwa vipande viwili vitatu, na kwenye simu nyingi za zamani ule moyo wenyewe unatokea kama kiboksi kitupu. Hata ile alama ya juu kwenye neno kama "ng'ang'ana" inaweza kufanya vile vile, simu janja nyingi huwa zinaipindisha iwe ya kupinda badala ya kunyooka, na ile ya kupinda inahesabiwa kama emoji tu. Ukiona kihesabio cha herufi kimeshuka ghafla na hujaandika kitu kirefu, angalia hapo.

Kuhusu msomaji, mwandikie yeye meseji yake pembeni, kwanza. Usichanganye maelekezo yake na maneno ya bibi kwenye meseji moja, maana atasoma yote mfululizo na bibi atasikia "mwambie bibi kwamba", ladha inaisha hapo hapo. Kitu kama hiki kinatosha:

"Shangazi shikamoo, habari za kazi. Naomba ukipata nafasi umsomee bibi hii meseji inayofuata, pole pole tafadhali, mkiwa mmekaa. Akijibu mrekodie voisi unitumie. Asante sana shangazi."

Hayo maneno "pole pole" na "mkiwa mmekaa" sio urembo. Meseji ya bibi ikisomwa mlangoni na mtu anayekimbilia kazini, hata ungeandika mashairi, itafika kama taarifa ya habari. Na kwa kuwa kuna mtu katikati, mambo ya siri usiyaweke humo, kama ulikwaruzana na mjomba au una jambo la kumweleza bibi peke yake hilo subiri upige.

Hatua ya 2: Shikamoo, halafu jina analokuita yeye

Anza na shikamoo. Sio hai, sio mambo, sio niaje. Hata kama mkiwa pamoja mnataniana mpaka mnaangushana, kwenye meseji inayosomwa mbele ya watu shikamoo inakaa mbele, na utaona akisomewa tu hiyo anaitikia marahaba hapo hapo utafikiri umeingia mlangoni. Msomaji mzuri anamwachia aitikie. Kwa hiyo weka nukta baada ya shikamoo, usiunganishe na sentensi nyingine.

Baada ya hapo jitambulishe, na usijitambulishe kwa jina la cheti. Bibi ana wajukuu wengi na kila mmoja ana jina lake la nyumbani. Kama alikuwa anakuita Kadogo andika Kadogo, kama anakuita kwa jina la baba yake kwa sababu umerithi jina lake basi andika hilo hilo. Jina hilo peke yake linafanya kazi kubwa kuliko neno lolote la mahaba utakaloazima kwenye muziki.

Na yeye vile vile, mwite unavyomwita mdomoni. Bibi, nyanya, bi mkubwa, vyovyote mlivyozoea, ila usimbadilishie jina kwa sababu tu unaandika. Ongeza "yangu" au "kipenzi", "bibi yangu", "bibi yangu kipenzi", inatosha.

Halafu salamu zinazofuata. "Umeamkaje" na "umeshindaje" ni nzuri sana mdomoni ila kwenye meseji zina mtego, hujui itasomwa saa ngapi, umeandika umeamkaje inasomwa jioni, inakuwa kama barua iliyopotea njia. Tumia zisizofungwa na saa, "habari za siku nyingi", "hali yako bibi", "u mzima?"

Hatua ya 3: Mtoe hofu kabla ya kitu kingine chochote

Zile barua za zamani zilikuwa na mstari wake maarufu, wengi wenu mnaujua, "mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu". Watu wanauona kama wa kizamani lakini uangalie ulivyokaa, kwanza unamwambia mtu mimi mzima, ndo unageukia kwake. Waliokuwa wanaandika hivyo walijua mtu anayesubiri barua anataka kusikia nini kwanza. Bibi yako amekua na barua za mtindo huo, sikio lake limezoea hivyo. Na kama ni mtu wa utani mtupie mstari wenyewe mzima mzima, atacheka na atakumbuka mbali.

Kwa lugha ya sa hivi sema tu, "Mimi ni mzima kabisa, nakula na nalala vizuri, usiwe na wasiwasi." Kula na kulala vitaje vyote viwili maana ndo maswali yake mawili ya kwanza, ukimjibu kabla hajauliza anatulia na kusikiliza yanayofuata.

Sasa vipi kama kweli kuna baridi na kazi za shule zimekuzidi? Usimdanganye, bibi anaisikia sauti yako Jumapili na atajua. Mwambie, ila kila shida unayomtajia iambatane na dawa yake kwenye sentensi hiyo hiyo. "Huku kuna baridi ila nina koti zito." "Masomo ni mengi ila nimejipangia ratiba." Angalia vizuri, hiyo dawa isiende sentensi ya pili, maana msomaji akipumua kwenye nukta bibi ameshasema "maskini mjukuu wangu" na hasikii tena kinachofuata. Ile "baridi inaniua" tunaifuta moja kwa moja, kwa vijana ni namna tu ya kuongea ila kwake lile neno lina uzito wake. "Cjalala siku 3" nayo inatoka. Na kama kuna tatizo kubwa la kweli, ugonjwa au msiba au umesimamishwa chuo, hilo halipiti kwenye meseji ya namna hii hata kidogo, unampigia mzazi au shangazi kwanza ili kuwe na mtu mzima pembeni yake wakati anaambiwa.

Hatua ya 4: Kitu kimoja kidogo anachoweza kukiona

Hapa ndo pa kutumia muda wako mwingi, kwa sababu meseji nyingi za wajukuu zinafanana, nimekumiss bibi, nakupenda bibi, Mungu akubariki bibi, ni kweli zote lakini hazimpi bibi kitu cha kushika. Akiulizwa na jirani mjukuu wako anasemaje atajibu "hajambo, ananisalimia", mwisho. Unatakiwa umpe kitu cha kusimulia.

Usimweleze chuo kilivyo kikubwa wala mfumo wa mitihani. Chukua kitu cha ukubwa wa kiganja ambacho yeye anakijua, na bora zaidi kiwe kitu alichokufundisha mwenyewe. Kwenye mfano wetu, huyu mwanafunzi ana koti, na kifungo cha koti kilitoka akakishona. Unaweza kuandika "nimeshona koti langu", sawa, ila haijafika. Andika hivi:

"Juzi kifungo chake kilitoka, nikakishona mwenyewe, nikazungusha uzi chini ya kifungo kama ulivyonifundisha."

Ule uzi unaozungushwa chini ya kifungo, unaoacha kijinafasi ili kifungo kisibane kitambaa kizito, bibi anauona kabisa mbele ya macho yake. Anajua mkono ulikaaje. Na hapo hapo bila wewe kutamka "nakuthamini" wala "wewe ni mwalimu wangu" ameshaelewa kwamba yuko na wewe huko uliko. Mimi naona sentensi moja ya namna hii inashinda mistari mitano ya sifa.

Kama huna kifungo tafuta chako. Namna unavyokunja nguo, wimbo unaojikuta unauimba unapofagia, neno lake ambalo limekutoka mdomoni mbele ya wenzako. Kimoja tu. Ukiweka viwili vinauana, atasahau vyote.

Ukishakiweka ongeza hisia yako kwa maneno ya mdomoni, "nikacheka peke yangu, nikasema bibi angeniona!" Hiyo nikasema inasaidia sana ikisomwa kwa sauti kwa sababu msomaji naye anajikuta anabadilisha sauti, inakuwa hadithi.

Hatua ya 5: Geukia kwake, na swali la kujibika

Sasa pole. Bibi ana kitu kinachomsumbua, goti, mgongo, usingizi, na wewe unakijua. Kitaje kwa jina lake. "Pole na goti lako" ina upendo ndani yake kuliko "natumaini afya yako inaendelea vyema", hiyo ya pili ni ya ofisini. Ila usianze kumpa ushauri wa daktari humo, hayo mwambie shangazi.

Halafu muulize. "Unaendeleaje?" itamtoa "naendelea vizuri" na mazungumzo yameisha. Muulize kitu kimoja chenye jibu lake. Tuseme wiki chache nyuma wamemnunulia kiti cha kukalia ili asikae chini, na unajua anavyopenda kukaa chini, basi uliza: "Ulishakaa kwenye kile kiti kipya, au bado unakaa chini tu?" Hilo swali lina utani ndani yake, lina kumbukumbu, na lazima ajitetee. Hapo ndo utarudishiwa voisi ya dakika nzima.

Utani wenyewe una nafasi yake na kwa bibi na mjukuu ndo mahali pake hasa. Wapo bibi wanaomwita mjukuu wa kiume "mume wangu" na wa kike "mke mwenzangu", na kama kwenu mnataniana hivyo, maliza meseji na "ni mimi mume wako wa mbali", nyumba nzima itacheka wakati inasomwa. Ila ukitaka kumchokoza kuhusu babu, hakikisha babu yupo na ni mzima, na kama bibi ni mjane wa karibuni acha kabisa utani wa mke na mume kwa sasa. Na kama hamjawahi kutaniana hivyo usiuanzishe kwenye maandishi.

Hatua ya 6: Maneno ya mapenzi yenyewe

Watu wanadhani ndo sehemu ngumu kumbe ukifika hapa kazi imeshafanyika. Chagua mawili, matatu yakizidi sana. "Nimekukumbuka sana bibi" ni la kwanza na halijawahi kuchuja. "Nimekumiss" nalo watu wazima wengi wameshalizoea kwa kusikia, liandike zima tu sio "nmekumic". "Upo moyoni mwangu", "nakuwaza kila siku", "natamani nikae pembeni yako unisimulie". Na za kumwombea, "Mungu akuweke", "Mungu akupe uzima tuonane", hizi kwa bibi zina uzito kuliko nakupenda, maana kumwombea mtu mzima maisha ndo kumwambia unampenda. Fuata dini yake, kama ni mtu wa inshallah andika inshallah, kama anapenda kusikia Bwana akutunze andika hivyo.

Vipi kuhusu "nakupenda"? Liweke kama kwenu mnaambiana. Kama hamjawahi, likitokea ghafla linaweza kumshtua, ataanza kujiuliza huyu mtoto ana nini. "Nakupenda bibi yangu" ukilitangulizia kile kifungo linaingia vizuri, ukilitupa peke yake mwanzoni linaelea. "Lavyu" toa.

Vifupisho vyote navyo toa, xana, cjui, 2naonana, kwasabu. Andika maneno mazima. Wewe na wenzako mnaelewana vizuri tu kwa hivyo vifupisho, ila binamu akikwama katikati ya sentensi bibi anadhani anafichwa kitu. Na kama kibodi ya simu yako imewekwa lugha nyingine itakuwa inakubadilishia maneno bila kukuuliza, ongeza kibodi ya Kiswahili kwenye mipangilio au zima masahihisho ya kujiendesha kabla hujaanza.

Hatua ya 7: Mpe kazi, na ahadi iwe ndogo

Bibi hapendi kuwa mtu wa kuhurumiwa tu, anapenda kuwa na kazi kwenye maisha yako. Mwombe kitu. "Wiki ijayo nina mtihani, naomba uniombee." Hilo ni ombi la kweli na atalifanya kweli, atawaambia na wenzake, na ukifaulu ushindi ni wenu wote wawili. Kwa hiyo ukipata majibu yeye awe wa kwanza kuambiwa, hilo usilisahau.

Ahadi sasa. "Nikimaliza semista nakuja" ni ahadi nzito kuliko unavyodhani, kwa sababu bibi anahesabu. Kama tiketi haijakatwa usiandike unakuja. "Nitakununulia kila kitu" nayo toa, haina umbo, hawezi kuisubiri wala kuisahau. Toa ahadi ya wiki hii, unayoiweza: "Nitakupigia Jumapili saa 2 usiku."

Simama kidogo kwenye hiyo saa maana hapa wengi waliokaa nje wanajikuta wamechanganya. Andika saa ya kwake, na uandike kwa hesabu ya Kiswahili. Ukishageuza masaa yako kuwa ya nyumbani ukapata 20:00, kwake hiyo ni saa 2 usiku. Ukiandika "saa 8 usiku" kwa mazoea ya huko, bibi anaelewa usiku wa manane na kesho yake anauliza kulikoni. Pia kama uko nchi inayosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka, ile tofauti ya masaa kati yako na nyumbani sio moja mwaka mzima, ikifika mwezi wa kusogeza hesabu upya kabla hujaahidi. Atakuwa amekaa na simu mkononi dakika kumi kabla.

Hatua ya 8: Isome kwa sauti, halafu tuma

Isome wewe mwenyewe kwa sauti, pole pole, kama vile ni binamu anasoma. Popote unapoishiwa pumzi weka nukta. Popote ulimi unapojikwaa badilisha neno. Isizidi dakika moja, ikizidi ameshaanza kuuliza maswali katikati na mwisho hausikiki. Hii hapa ya kwetu baada ya kutengenezwa:

"Shikamoo bibi yangu kipenzi. Ni mimi Kadogo wako. Mimi ni mzima kabisa, nakula na nalala vizuri, usiwe na wasiwasi. Huku kuna baridi ila nina koti zito. Juzi kifungo chake kilitoka, nikakishona mwenyewe, nikazungusha uzi chini ya kifungo kama ulivyonifundisha. Nikacheka peke yangu, nikasema bibi angeniona! Pole na goti lako. Ulishakaa kwenye kile kiti kipya, au bado unakaa chini tu? Wiki ijayo nina mtihani, naomba uniombee. Nitakupigia Jumapili saa 2 usiku, tuongee. Nimekukumbuka sana bibi. Mungu akuweke."

Haifiki maneno 100. Koti limetajwa mara moja na limefanya kazi mbili, limeondoa hofu ya baridi na limebeba kifungo. Hakuna emoji, na wala huoni pengo lake.

Kama ni simu ya batani na unataka iingie kwenye meseji moja isikatwe, unapunguza hivi:

"Shikamoo bibi yangu. Ni Kadogo. Mimi mzima, nakula vizuri. Pole na goti. Wiki ijayo nina mtihani, niombee. Nitakupigia Jumapili saa 2 usiku. Nakukumbuka sana."

Hiyo ina herufi 158, inaenea. Kifungo kimetoka, inauma, ila kifungo utakisimulia Jumapili mdomoni. Kilichobaki ndo kile ambacho hakiwezi kutoka: shikamoo, jina, mzima, pole, ombi, ahadi, kumbukumbu.

Na kama una WhatsApp na bibi anasikia vizuri unaweza kuongea badala ya kuandika, maneno ni yale yale. Baada ya shikamoo nyamaza kidogo ili apate nafasi ya kuitikia marahaba, usiongee ukiwa unatembea barabarani maana upepo unakula sauti, na usizidi dakika moja. Maandishi lakini tuma pia, bibi wengine wanapenda wasomewe tena na tena, na voisi inapotelea chini huko kwenye meseji nyingine za shangazi.

Ukishatuma

Tuma muda ambao msomaji yuko nyumbani, jioni mara nyingi ndo vizuri, sio asubuhi ya watu kukimbizana. Halafu sikiliza jibu linalorudi, maana ndo linakuonyesha kama meseji imefika au imepita tu.

Ukijibiwa "amesema sawa asante anakusalimia", basi ilisomwa kwa haraka, au hukuweka swali la kujibika. Usimlaumu msomaji, mwandikie tena baada ya siku mbili na swali moja zuri. Ukijibiwa "bibi anauliza uko mzima kweli?" ujue kuna neno limemtia hofu, rudi uangalie ni lipi, mara nyingi ni shida uliyoitaja bila dawa yake, na hapo usiandike tena, piga, anahitaji kusikia sauti. Lakini ikirudi voisi unamsikia bibi anacheka anasema "mwambie kile kiti ni kigumu, mimi nakaa chini nilipozoea", hapo umefika.

Hiyo voisi ihifadhi kabisa nje ya simu, kwenye kompyuta au popote, simu zinapotea. Na meseji yako inayofuata ichukue mstari wa kwanza kutoka kwenye jibu lake, usianze upya kama mtu ambaye hakusikia. "Shikamoo bibi yangu. Ni Kadogo. Nimesikia habari za kiti, sasa mimi nikirudi atakikalia nani?"